Mpishi na mpambaji: namna ya kupigiana debe Kasulu na Kibondo

Mahindi yakishavunwa na maharage yakishauzwa, vikao vya harusi huanza kujaa Kasulu na Kibondo. Kuanzia Juni hadi Septemba, Jumamosi nyingi zina send-off, harusi au kipaimara, na kila shughuli ina mpishi na mpambaji wake. Mara nyingi wawili hao wanakutana ukumbini kwa mara ya kwanza, mmoja akiwa juu ya ngazi anafunga vitambaa, mwingine akiuliza meza ya chakula iwekwe wapi.

Wanahudumia watu walewale, siku ileile, na hakuna anayemnyang'anya mwenzake kazi. Kwa hiyo wakikubaliana kutangazana, kila mmoja anafikia wateja ambao asingewapata peke yake. Watu wengi hulifahamu hilo. Kinachowashinda ni utekelezaji, kwa sababu mpishi na mpambaji hawapatikani na mteja kwa wakati mmoja, hawalipwi kwa namna moja, na hawapati hasara kwa namna moja.

Nani anamwona mteja kwanza?

Katika harusi ya kawaida, kamati hupanga tarehe na ukumbi kwanza. Baada ya hapo mazungumzo ya rangi huanza mapema, maana bibi harusi anataka sare za wasimamizi na vitambaa vya ukumbi vifanane. Mpambaji anapigiwa simu wakati michango bado ni ahadi kwenye daftari la mhazini.

Mpishi huja baadaye. Kamati haiwezi kumpa idadi ya sahani mpaka ijue fedha zimefika wapi na kadi ngapi zitatoka. Ndiyo maana mpambaji ana kitu ambacho mpishi hana, yaani habari ya harusi inayokuja, wiki kadhaa kabla kamati haijaanza kuuliza bei za chakula. Swali moja tu kwa mama wa bibi harusi, "Mama, upande wa chakula mmeshapata mtu?", linatosha kufungua mlango.

Mpishi naye ana kitu ambacho mpambaji hana. Siku ya shughuli, wageni wote hupita mbele yake. Mtu anaweza kukaa saa tano ukumbini bila kuliangalia vizuri pazia la nyuma ya maharusi, lakini foleni ya chakula atapanga tu. Na katika wageni 200 hawakosekani ambao nao wako kwenye kamati nyingine, au wana binti anayetolewa mahari mwezi ujao.

Mabadilishano yenyewe basi ni haya: mpambaji anatoa taarifa za mapema, mpishi anatoa macho ya wageni. Wakianza kuhesabu kwamba "mimi nimekuletea watu watatu, wewe umeniletea mmoja" bila kuliona hilo, watagombana kabla msimu haujaisha.

Meza ya chakula ndiyo bango lao

Mahali pazuri pa kutangazana ni meza ya chakula, kuliko bango la mlangoni au kadi zilizotawanywa kwenye viti. Pale ndipo kazi za wawili hao zinapokutana, na mgeni anasimama dakika kadhaa akisubiri zamu yake huku simu iko mkononi.

Wapambaji wengi humaliza nguvu zao kwenye jukwaa la maharusi, na meza ya chakula wakaiachia kitambaa cheupe kilichobaki. Kwa mpambaji aliyeungana na mpishi, hilo ni kosa la biashara. Kitambaa kinachofika chini na kuficha miguu ya meza, ua moja refu pembeni (si katikati, litazuia mikono ya wanaopakua) na taa mbili za rangi ya harusi zinatosha. Kisha kadi ndogo iliyosimamishwa mwanzoni mwa foleni, kwenye sahani: jina la mpishi na namba, jina la mpambaji na namba. Ikiwekwa mwishoni mwa meza, mgeni tayari ana sahani iliyojaa mkononi na hawezi tena kushika simu.

Mc akitangaza utaratibu wa chakula, ukumbi wote unanyamaza kusikiliza meza ipi inaanza. Sentensi moja pale, inayowataja wote wawili, ina thamani kuliko kutajwa mara tano wakati muziki unapiga. Ila Mc aombwe mapema na kamati iwe imeridhia, kwa sababu shughuli ni ya wenye harusi.

Halafu picha. Kuna dakika chache tu ambapo meza iko kamili: vifuniko vimefunguliwa, chakula hakijaguswa, mapambo hayajavurugwa. Picha hiyo moja inawauza wote wawili, na wakubaliane nani ataipiga, maana muda huo mpishi ana mikono yenye mafuta na mpambaji pengine ameshaenda kupumzika.

Status haionwi na kila mtu

Hapa wengi hukosea. Mpambaji anamwambia mpishi "nirushe kwenye Status yako" akidhani watu wote wenye namba ya mpishi wataona. WhatsApp haifanyi kazi hivyo. Status huonwa na mtu ambaye wewe umehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yako, na baada ya saa 24 inatoweka. Ujumbe wa Broadcast nao huwafikia waliohifadhi namba yako tu, na orodha moja haizidi watu 256.

Maana yake, mteja wa mpishi aliyeona picha ya mapambo hatamwona mpambaji tena kesho kama hakuchukua hatua yoyote leo. Kwa hiyo picha iende na kiungo kinachofungua mazungumzo moja kwa moja, huku ujumbe ukiwa umeshaandikwa:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Nimetoka%20kwa%20mpishi
```

Mahali pa X panawekwa tarakimu tisa za namba ya mpambaji, bila sifuri ya mwanzo. Alama ya %20 ni nafasi kati ya maneno. Mteja akibonyeza, WhatsApp inafunguka ikiwa na maneno "Nimetoka kwa mpishi", naye anabonyeza kutuma. Mpambaji anajua palepale mteja huyo ametokea wapi, bila kuuliza. Mpishi naye anatengenezewa cha kwake chenye "Nimetoka kwa mpambaji". Hata anayetumia simu ya kawaida ya laini moja anaweza kulifanya hili. Haligharimu kitu zaidi ya bando.

Kuna jambo moja la kuogopa, nalo ni kupeana orodha za namba za wateja. Ni kishawishi kikubwa, maana daftari la mpishi lina namba za wenyeviti wa kamati wa miaka mitatu. Lakini namba ya simu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inataka mwenye taarifa aridhie. Mbali na sheria, mwenyekiti wa kamati akipigiwa na mtu asiyemjua anayesema "nimepewa namba yako na mpishi", wa kwanza kukasirikiwa ni mpishi. Njia safi ni kumuuliza mteja kwanza: nimpe mpambaji namba yako, au nikupe yake? Vivyo hivyo kwa picha inayoonyesha sura za maharusi au watoto, maharusi waulizwe kabla haijarushwa.

Tuchukue harusi ya Kagerankanda

Mfano wa hesabu unasaidia. Tuseme harusi ya wageni 200 inafanyika Kagerankanda, kijijini katika Wilaya ya Kasulu, chini ya maturubai, na watoa huduma wote wanatoka Kasulu mjini. Bei zifuatazo ni za mfano tu; kila mtu aweke zake.

Mpishi anatoza Sh 7,000 kwa sahani, jumla Sh 1,400,000. Mpambaji anatoza Sh 600,000. Kila mmoja akikodi kirikuu chake kwenda na kurudi kwa Sh 120,000, kamati inabeba Sh 240,000 za usafiri, ama zimeandikwa wazi au zimefichwa ndani ya bei.

Wakienda pamoja, wanakodi gari moja kubwa zaidi kwa Sh 150,000. Hapo zimeokolewa Sh 90,000. Wakampa mteja punguzo la Sh 50,000, na kila mmoja akabaki na Sh 20,000 juu ya malipo yake ya kawaida. Kamati inaona faida halisi ya kuwachukua wote wawili, na hakuna aliyekata sahani wala kupunguza maua.

Huo ndio upekee wa kufanya kazi vijijini. Mjini, ukumbi ukiwa mtaa wa pili, hakuna akiba ya usafiri ya kugawana, na "ofa ya pamoja" inakuwa ni kujikata faida. Anayetaka kuanza ushirikiano wa namna hii aanzie kwenye shughuli za mbali, ambako punguzo linajilipa lenyewe.

Ila gari moja lina masharti yake. Masufuria makubwa yana masizi, na vitambaa vyeupe havisamehi. Masufuria, majiko na magunia yakae mbele na chini, yamefunikwa turubai. Vitambaa viwe ndani ya mabegi ya nailoni yaliyofungwa, juu na nyuma, ili vishuke kwanza. Mafuta ya kupikia na mawese yasipande gari lile bila ndoo yenye mfuniko wa kubana. Kama bado ni msimu wa mvua na barabara ya udongo inateleza, waondoke Ijumaa asubuhi. Mpishi anaweza kuchelewa kidogo na akawahi kupika usiku, lakini mpambaji akifika giza limeingia na hakuna umeme wa kutosha, kazi yake imeharibika.

Kurudi nako kupangwe. Mpishi anamaliza chakula kikishaliwa, wakati mpambaji hawezi kufungua chochote mpaka maharusi waondoke. Gari moja linamaanisha mpishi anasubiri. Wasipokubaliana kabla, saa nane usiku ndipo ugomvi unapoanza.

Kila mtu apokee fedha zake

Kamati hupenda kulipa mtu mmoja. Ni rahisi kwa mhazini: muamala mmoja, risiti moja, basi. Kwa washirika wawili ni hatari.

Mpishi ananunua. Mchele, nyama, kuku, viungo na kuni vinataka fedha taslimu siku chache kabla ya shughuli, na fedha hizo hazirudi. Mpambaji ana vitambaa, maua ya bandia na stendi zilezile alizotumia wiki iliyopita; gharama zake za siku hiyo ni vibarua, usafiri na kufua. Kwa hiyo kianzio cha asilimia 30 kinamtosha mpambaji kushika tarehe, huku mpishi akihitaji sehemu kubwa, tuseme asilimia 70, wiki moja kabla.

Sasa kamati ilipe kianzio cha Sh 500,000 kwa simu ya mpambaji, na mpambaji ana kodi ya fremu inayodaiwa. Atamtumia mpishi kiasi gani, lini? Urafiki wa aina hii huvunjika hapohapo, bila hata nia mbaya. Dawa yake ni makubaliano mawili, malipo mawili, namba mbili. Punguzo la Sh 50,000 liandikwe kwenye karatasi zote mbili, Sh 25,000 kila upande, na gari walipie nusu kwa nusu. Mpishi anayeandika Sh 1,400,000 na Sh 120,000 za usafiri ataandika chini yake "punguzo la pamoja Sh 25,000", na mwenzake vivyo hivyo.

Na punguzo hilo liwe na mwisho. Ahadi za michango hazilipwi zote. Kila kamati inalijua hilo. Wiki ya mwisho mwenyekiti anapiga simu: wageni sasa ni 150. Mpishi amepoteza sahani 50, ambazo kwa mfano wetu ni Sh 350,000 za mapato. Mpambaji hajapoteza kitu, jukwaa ni lilelile. Kama makubaliano hayakusema idadi ya chini ya sahani ambayo punguzo linasimama, mpishi atajikuta anatoa punguzo kwenye kazi iliyokwisha kupungua, na atamlaumu mshirika wake kwa jambo ambalo si lake.

Cha juu huua dili

Kuna njia nyingine inayotumika sana: mpambaji anamleta mteja, mpishi anaongeza Sh 500 kwenye kila sahani na kumrudishia mpambaji kimyakimya. Kwa sahani 200 hiyo ni Sh 100,000. Inavutia. Lakini kamati za harusi huomba bei kwa wapishi wawili au watatu kabla ya kuamua, na kwenye kila kamati kuna mtu ambaye dada yake au shemeji yake anapika. Bei ikionekana imepanda bila sababu, swali la kwanza ni nani anakula cha juu. Likishaulizwa, mpambaji naye anaangaliwa upya, pamoja na bei yake.

Asante ya wazi haina shida. Mpishi anaweza kupika chakula cha vibarua wa mpambaji siku ya kazi. Mpambaji anaweza kupamba meza ya chakula bila kuidai. Vyote vinaonekana, na vinamfaidi mteja pia.

Vilevile, kumtaja mwenzako si kumlazimisha mteja. Mpambaji anayesema "mpishi wangu ndiye huyu, mwingine simwamini" anaonekana ana maslahi. Anayesema "kwa watu 200 kijijini nimefanya kazi na huyu mara tatu, chakula kilitoka saa mbili kama alivyoahidi" ametoa sababu ambayo kamati inaweza kuipima.

Mpime kabla hujamtaja

Sentensi hiyo ya mwisho inadai mpambaji awe amefanya naye kazi kweli. Mshirika akiharibu, jina lililomtaja ndilo linalokumbukwa. Ukumbi ukipendeza na chakula kikaisha meza ya kumi, watu watasema "wale watu wa Kasulu", wote kwa pamoja.

Mpishi anapimwa kwenye shughuli ya mtu mwingine, si kwa kuonjeshwa sahani moja nyumbani kwake. Angalia chakula kimetoka saa ngapi ukilinganisha na ratiba, nyama imefika foleni ya mwisho au imeishia kwa meza za mbele, na sahani zinatosha au watu wanasubiri zioshwe. Kwa mpambaji, angalia kama amemaliza kabla wageni hawajaanza kuingia, kama vitambaa vina madoa ya nta na mchuzi wa wiki iliyopita, na kama jukwaa lililowekwa ni lile lililoonyeshwa kwenye picha ya simu. Hilo la mwisho ni muhimu, maana picha za kuazima mtandaoni zimejaa.

Walingane pia kwa wateja. Mpambaji wa harusi za milioni tano na mpishi wa sahani ya bei ya chini kabisa hawatumiani watu. Kila mmoja atakuwa anampelekea mwenzake mteja ambaye akisikia bei anakata simu. Umbali nao una neno. Mpishi wa Kibondo na mpambaji wa Kasulu wanaweza kutajana, lakini usafiri kati ya miji hiyo utameza akiba yote iliyotajwa hapo juu. Ni afadhali kila mmoja atafute wa mjini kwake.

Kuna mahali mpishi anaweza kumfaa mpambaji zaidi nje ya msimu. Mashirika yaliyokuja kuhudumia wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, na ya Nduta, iliyofunguliwa tena 2015, pamoja na ofisi za halmashauri, hufanya semina zinazohitaji chai na chakula cha mchana lakini hazihitaji mapambo. Washiriki wa semina hizo Jumamosi ni wanakamati. Kadi ndogo ileile kwenye meza ya chai inamfikisha mpambaji kwa watu asiokutana nao siku za kazi.

Daftari la safu nne

Baada ya kila mteja aliyetumwa, wote wawili waandike mambo manne: tarehe, shughuli inafanyika wapi, nani alimtuma, na kazi ilipatikana kwa kiasi gani au haikupatikana. Wakutane mara moja kwa mwezi, daftari mbili mezani, waone kama zinasema kitu kimoja.

Tuseme mwisho wa msimu mpambaji ametuma wateja 8, na mpishi amepata kazi 3. Mpishi ametuma wateja 3, na mpambaji amepata kazi 2. Kwa idadi ya waliotumwa, mpishi anaonekana mvivu. Lakini wateja wake walikuwa wameshaona kazi kwa macho yao kwenye meza ya chakula, ndiyo maana wawili kati ya watatu walilipa. Wale watano wa mpambaji waliopotea wanastahili swali: walikataa bei, walikuwa na ndugu anayepika, au mpishi hakupokea simu? Kama ni la mwisho, mpambaji ana haki ya kuacha kumtaja mpaka simu ipokelewe. Kama walikuwa na ndugu anayepika, hakuna wa kulaumiwa, na msimu ujao mpambaji aulize hilo kwanza kabla ya kutoa namba.

Makubaliano yawe ya msimu mmoja, Juni hadi Septemba, kisha yapitiwe upya kabla ya shughuli za Desemba. Karatasi moja inatosha: nani anatajwa kwenye kadi, gari linalipwaje, punguzo ni kiasi gani na linasimama kuanzia sahani ngapi, na nani anapiga ile picha ya meza.